Jina la Okpoti

Anyetei alimpiga mkewe akiwa na mimba ya miezi saba. Alimpiga jikoni, kwa ngumi kwanza, kisha kwa mguu wa kigoda, na kisa chenyewe kilikuwa samaki aliyeungua. Shormeh alitoka pale akitambaa, akavuka uchochoro hadi kwa mama yake, na tangu siku ile hakurudi. Mji mzima wa Teshie ulijua. Kwa hiyo mtoto alipozaliwa salama siku ya Jumatano, tena wa kiume, tena wa kwanza, watu walishukuru, kisha wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini: Jumatano ijayo itakuwaje?

Maana siku ya nane mtoto lazima atolewe nje. Hadi siku hiyo ni mgeni tu, anaweza kubadili nia akarudi alikotoka, na hakuna anayemwita kwa jina. Siku ya nane, kabla jua halijachomoza, anapelekwa uani kwa baba yake, analazwa uchi ardhini, maji yanarushwa juu ya paa yamnyeshee kama mvua, anaombewa, anatajwa. Na jina ni la nyumba ya baba. Kila nyumba ina majina yake na mpangilio wake, hakuna wa kuyaazima. Mtoto asiyetajwa na nyumba ya baba yake, wakati posa ilipokelewa na vinywaji vikanywewa, atatembea maisha yake yote watu wakimuuliza yeye ni wa nani.

Aliyetumwa kwenda kuzungumza alikuwa Odarkor, shangazi yake Anyetei, mama wa miaka sitini na mitatu. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Ulivunjwa na kaka yake Klufio walipokuwa vijana, ukaunga vibaya, na alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea mlango mbovu. Klufio sasa ndiye mkubwa wa nyumba, sajini mstaafu, shingo nene, sauti ya gwaride. Ndiye aliyemlea Anyetei baada ya baba wa kijana, mzee Okpoti, kufariki. Alimlea kwa mkanda.

Odarkor alifika kwa wakwe Jumapili alasiri na chupa ya jin imefungwa kwenye kitambaa. Alimkuta Tsotsoo, mama yake Shormeh, akitoa samaki kwenye tanuri la moshi. Lomotey, kaka yake Shormeh, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameketi kizingitini.

"Mama Tsotsoo, za kazi," alisema Odarkor. "Nimetumwa."

"Umetumwa na nani?" Lomotey alidakia. "Na muuaji mkubwa au muuaji mdogo?"

"Lomotey, huyu ni mama yako," Tsotsoo alimkemea, lakini hakugeuka. "Keti, dada. Chupa iweke chini. Sijasema nimeipokea."

Odarkor akaketi. Aliuliza habari za mtoto, akaambiwa ananyonya. Aliuliza habari za mama wa mtoto, akaambiwa nenda ndani ukajionee. Akaenda. Shormeh alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani, na kwenye paja lake alama ya mguu wa kigoda ilikuwa imebaki kovu jeusi. Odarkor aliitazama kwa muda mrefu.

"Shangazi," Shormeh alisema, "sikatai mtoto apewe jina. Ni haki yake. Lakini asibebwe na mzee Klufio. Naapa, nikimwona yule mzee amemshika, nitamfuata na kisu."

Hapo ndipo penyewe. Anayemtoa mtoto na kumlaza chini ndiye ambaye mtoto atafanana naye tabia. Ndiyo maana nyumba huketi siku tatu kuchagua mtu mpole, asiyeiba, asiyetukana watu, asiyepiga. Kwa mtoto wa kiume huchaguliwa mwanamume.

Odarkor alirudi nje. "Tutamweka Afutu," alisema.

Tsotsoo aligeuka sasa. Afutu alikuwa mwashi, binamu yao, mtu wa kusalimia hata mbuzi. "Afutu ni sawa," alisema polepole. "Na Anyetei atasema mbele ya watu kwamba alikosa."

"Atasema."

"Unaapa wewe?"

"Naapa mimi."

Tsotsoo akapangusa mikono, akaichukua chupa. Lomotey akainuka kizingitini, akatema mate, akasema: "Shangazi, wewe nakuamini. Nyumba yako siiamini. Nitakuja Jumatano nikiwa nimefunga mkanda."

Klufio aliposikia, alicheka mpaka akakohoa. "Afutu? Yule anayefumba macho kuku akichinjwa? Unataka mjukuu wa Okpoti awe mtu wa kupangusa viatu vya wenzake?"

"Nimeapa, kaka."

"Umeapa kwa kinywa chako, si changu." Kisha akamwona Odarkor hakuondoka, amesimama tu mbele yake na mkono wake uliopinda. Akapunga kiganja. "Haya, haya. Afutu. Nenda ukapike."

Odarkor alilichukua neno hilo kama lilivyo, na baadaye alijilaumu.

Siku mbili zile hakulala vizuri, ila kazi ilimpendeza. Mahindi yaliyolowekwa yakaota yalikuwa yameshasagwa na kuchemshwa. Alikitia sukari ya kuungua kinywaji hicho cha mahindi, akakionja, akakiacha kipoe kwenye mtungi. Zilipikwa kenkey mia moja, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, zikafungwa kwenye maganda ya mahindi, na samaki wakakaangwa, na pilipili ikasagwa kwenye chungu mpaka macho yakatoka machozi. Wajumbe walipelekwa nyumba kwa nyumba, upande wa baba kwanza, halafu upande wa mama, halafu majirani, maana asiyealikwa kwa mdomo hukasirika hata kama anapita mlangoni. Anyetei alitoa zawadi za mkewe: vitambaa sita, sabuni, mafuta, kanga nyeupe ya kumbebea mtoto. Odarkor alinunua shanga nyeupe za vifundo vya mikono ya mtoto kwa fedha yake mwenyewe.

"Utasema nini Jumatano?" alimuuliza Anyetei akikunja vitambaa.

Kijana aliangalia chini. Alikuwa na miaka ishirini na saba na mikono mizito. "Nitasema nilikosa."

"Sema hapa nisikie."

"Nilikosa, shangazi."

"Mbona sauti ndogo hivyo? Siku ile ya samaki ulikuwa na sauti."

Anyetei akaondoka.

Jumatano, saa kumi za alfajiri, Odarkor na mwanamke mwingine wa nyumba walikwenda kumchukua mtoto. Ndiyo desturi: wanawake wawili, kimya, hakuna kusalimia njiani. Shormeh alimfunga mtoto kwa kanga nyeupe, akambusu paji la uso, akamkabidhi. Yeye na ndugu zake wakafuata nyuma, Lomotey wa mwisho. Alikuwa kweli amefunga mkanda, ule wa ngozi wa kazini, na nyundo imening'inia.

Ua ulikuwa umejaa. Wa upande wa baba waliketi kulia, wa upande wa mama wakaketi kushoto, na katikati, chini ya ukingo wa paa la bati, ardhi ilikuwa imefagiwa ikawa laini. Afutu alisimama pale amevaa shuka jeupe, akitetemeka kwa baridi au kwa heshima. Ndoo ya maji ilikuwa ukutani. Chupa nne za jin zilipangwa mezani, mbili za kila upande, pamoja na mtungi wa kinywaji cha mahindi na bakuli la kutilia sarafu.

Anyetei aliitwa mbele. "Nilikosa," alisema. Safari hii ilisikika. Wa upande wa kushoto walinung'unika, lakini Tsotsoo akaitikia kwa kichwa, na watu wakashusha pumzi.

Odarkor alianza kumfungua mtoto ampe Afutu. Hapo Klufio akainuka.

Hakusema chochote kwanza. Alimsukuma Afutu kwa bega, Afutu akaanguka juu ya benchi, na mikono minene ya sajini ikamtwaa mtoto akiwa uchi. "Mtoto wa nyumba hii," alisema, "atatolewa na mwanamume." Akamwinua juu. Akamlaza chini. Mtoto alipoigusa ardhi baridi akalia kwa nguvu zake zote.

"Klufio!" Odarkor alipiga kelele. "Niliapa!"

"Ondoeni mikono yake kwa mtoto!" Ilikuwa sauti ya Shormeh.

Lomotey hakupiga kelele. Aliruka meza. Chupa mbili zilianguka zikavunjika, harufu ya jin ikapanda, na nyundo yake ikampata Klufio begani, pakalia kama tawi linalovunjika. Mzee alinguruma, akageuka na ngumi ya mkono mzima, ikamshukia Lomotey mdomoni; meno mawili yakatoka na damu ikaruka mpaka kwenye vitambaa vya zawadi. Kisha upande wa kulia wote ukainuka, na upande wa kushoto nao ukainuka. Benchi zilipinduka. Mchi wa kutwangia ulitoka jikoni, hakuna anayejua ulitolewa na nani. Mjomba mmoja wa upande wa mama alipigwa kwa shingo ya chupa, sikio likaning'inia kwa ngozi kidogo. Mwanamke alishikwa nywele akaburutwa juu ya kenkey. Watu waliokuwa wamekuja kuombea maisha ya mtu walikuwa wakikanyagana kwa visigino, wengine bila hata kujua wanampiga nani, na katikati yao, kwenye ardhi iliyofagiwa, mtoto wa siku nane alikuwa amelala chali, ngumi zake ndogo hewani.

Odarkor aliona buti likitua shibri moja kutoka kichwa cha mtoto.

Hakufikiri. Alijitupa. Alijilaza juu yake kwa viwiko na magoti, mgongo juu, kama kuku juu ya yai, ule mkono mbovu ukiwa umemzunguka mtoto kichwani. Mtu akajikwaa kwake. Mtu mwingine akamwangukia. Kitu kizito kilimpiga kiunoni, macho yakaona mwanga mweupe, lakini hakulegea. Chini yake mtoto alikuwa wa moto, na alikuwa akilia, na alijua kwamba maadamu analia yu hai.

"Ondoka!" Ilikuwa sauti ya Klufio, juu yake. "Toka, Odarkor, nimalize kumtoa mtoto!"

"Sitoki."

Akampiga teke. Teke la kwanza lilivunja ubavu; aliusikia ukivunjika ndani, kama ufito. La pili likampata palepale. Alifungua mdomo apige kelele, na alichotoa si kelele.

"Tswa, tswa, tswa!" alisema. "Amani na ije!"

Ni maneno ya kufungulia dua. Mwombaji akiyasema, watu huitikia. Yamo ndani ya Waga, watu wa Teshie, tangu utotoni, kama kupiga chafya. Palepale pembeni, mama mmoja mwenye damu puani aliitikia bila kujua: "Hiao," yaani na iwe hivyo.

"Tumekubaliana sisi kwa sisi?"

"Hiao." Sasa walikuwa watatu, wanne.

"Tukichimba kisima tupate maji!"

"Hiao!"

"Tukiyanywa maji hayo yatupe uzima!"

Teke la tatu lilikuja, lakini halikufika. Anyetei alikuwa na ule mchi. Alikuwa ameshampasua nao Lomotey kichwa, damu yake ilikuwa bado kwenye mti, na alikuwa amegeuka kutafuta mwingine alipomwona mzee aliyemlea akimpiga teke shangazi yake, na chini ya shangazi miguu miwili midogo ikirusharusha. Aliupeleka mchi kwa mikono miwili. Ulimpata Klufio kwenye taya. Sajini alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha akaanguka kwa upande, akakaa vile.

Ua ukanyamaza.

Odarkor alijiinua kwa kiwiko. Kila pumzi ilikuwa kisu. Alimwangalia mtoto: mzima, mwekundu, hana hata mchubuko, isipokuwa matone ya damu iliyomtoka Odarkor mdomoni, kwenye tumbo. "Maji," alisema. "Nani ana maji?"

Afutu ndiye aliyeinuka. Paji la uso lilikuwa limechanika na alikuwa akilia waziwazi. Aliichukua ndoo, akarusha maji juu ya bati mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara yakateremka kwenye migongo ya bati yakidondoka juu ya mtoto na juu ya Odarkor, yakiosha damu kutoka kwa wote wawili. Mtoto akashtuka, akakaza macho, akatulia.

"Mgeni amekuja," Odarkor alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyesogea. "Mgongo wake uwe kwenye giza, uso wake uwe kwenye mwanga."

"Hiao."

"Amfanyie kazi mama yake. Amfanyie kazi baba yake."

Wakati wa neno la mwisho alimtazama Anyetei. Mchi ulikuwa bado mkononi mwake.

"Aone, asiseme alichoona. Asikie, asipeleke alichosikia. Asiibe. Asimwinulie mtu mkono."

Hilo la mwisho halimo kwenye dua. Watu walisita kidogo. Kisha Tsotsoo, aliyekuwa amekipakata kichwa cha mwanawe kilichopasuka, aliitikia peke yake, kwa nguvu: "Hiao!" na wote wakafuata.

"Alikuja na nywele nyeusi, akae hapa mpaka ziwe nyeupe. Jina lake Okpoti. Okpoti, umesikia? Ndilo jina lako. Wakikuita, itika."

Mtungi ulikuwa umepasuka, lakini kitakoni mwake kilibaki kinywaji cha kujaza kibuyu kimoja. Odarkor alichovya kidole akamgusisha mtoto midomoni. Alikunywa yeye kwanza, kama anavyokunywa aliyemtoa mtoto, halafu kibuyu kikazunguka, kulia na kushoto, kila mmoja akiweka midomo mahali pa mwenzake, wengine wakiacha damu ukingoni. Bakuli la sarafu liliokotwa chini ya benchi. Watu walichechemea wakapita, wakatia sarafu, wakamwita mtoto jina lake mara moja, wakaenda kutafuta gari la kupeleka majeruhi.

Lomotey alishonwa nyuzi kumi na tisa, na hadi leo jicho la kulia linaona ukungu. Klufio alifungwa taya kwa nyaya wiki saba. Zilipofunguliwa, maneno yalitoka yamepinda, na sauti ile ya gwaride haikurudi tena. Anyetei alikamatwa siku ileile. Alikaa ndani miezi minne.

Wazee wa nyumba zote mbili waliketi kuamua kama mtoto ana jina au hana. Mmoja alisema aliyemlaza chini ni Klufio, kwa hiyo tabia ni ya Klufio. Mwingine alisema dua ilisemwa na mwanamke, na mtoto ni wa kiume, haijapata kutokea. Odarkor alikuja amefungwa bandeji kifuani, amekaa wima kama nguzo kwa sababu hakuweza kuinama.

"Klufio alimlaza," alisema. "Ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyemwinua. Mnataka kumlaza tena, mleteni, muanze upya. Mtaanzia kwenye mbavu zangu."

Hakuna aliyetaka kuanza upya. Jina likabaki.

Shormeh hakurudi kwa mumewe. Vitambaa sita vilivyokanyagwa vilifuliwa, doa la jin likatoka, la damu halikutoka kwenye viwili, naye akavikata vya kumfutia mtoto. Anyetei alipoachiliwa alikuja mlangoni kwa Tsotsoo akiwa amekonda, kofia mkononi. Odarkor alikuwa amekuja siku hiyo kumwogesha mtoto, akampokea nje.

"Nataka kumbeba mwanangu, shangazi."

"Mtazame. Kumbeba bado."

"Nilimpiga yule mzee kwa ajili yenu."

"Ulimpiga kwa sababu ndicho unachokijua," Odarkor alisema. "Nakushukuru, mbavu zangu nyingine ni salama. Lakini sikukutuma. Na kabla yake ulimpiga Lomotey, ambaye alikuwa na haki."

Mtoto, begani kwa Odarkor, alikuwa akijaribu kukamata kamba ya kofia ya baba yake. "Okpoti," Anyetei alimwita polepole.

Mtoto aligeuza kichwa.

"Njoo Jumapili," Odarkor alisema. "Njoo mikono mitupu, ukae pale kizingitini kwa Lomotey. Akikufukuza, uende. Akikunyamazia, kaa. Tuone utaweza Jumapili ngapi."

Alihesabu hatua za kijana mpaka mwisho wa uchochoro, kisha akaingia ndani, maana maji ya kuogea yalikuwa yanapoa.